Asilimia Ishirini ya Bure

Nilimdanganya mtu wa kwanza kabla hajaandika hata jina lake. Aliifungua programu yangu akiwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya shangazi, Nyakahanga, akaona mstari wa kijani juu ya skrini umeshajaa asilimia 20. Alikuwa hajafanya lolote. "Kumbe nimeshaanza," akasema, akaendelea.

Mstari ule niliuweka kwa makusudi. Ninasoma shahada ya uzamili, na mimi na wenzangu wawili tunatengeneza programu ndogo ya simu ya watu wanaotafuta wachumba, kwa Kiswahili, ikilenga miji midogo na vijiji. Wenzangu wana kazi zao. Mimi nilichukua mlango wa kuingilia, yaani zile skrini chache anazopita mgeni tangu anapoweka namba ya simu mpaka wasifu wake unapoonekana kwa wengine. Kila aliyewahi kutengeneza kitu cha namna hii anaujua ugonjwa wa pale mlangoni. Watu huingia, huandika jina na umri, kisha huacha. Unabaki na duara la kijivu mahali pa uso, na neno "Habari" mahali pa maelezo. Mtu mwingine akikutana na maduara matano ya kijivu mfululizo anaifunga programu, na kumrudisha ni kazi.

Dawa niliyoitumia nilikuwa nimeisoma darasani. Mwaka 2006 Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha utafiti walioufanya kwenye sehemu ya kuoshea magari. Waligawa kadi 300. Nusu ya wateja walipewa kadi yenye nafasi 8 za mihuri: osha gari mara 8, upate mara moja bure. Nusu nyingine walipewa kadi yenye nafasi 10, ila mbili zimeshagongwa. Ukihesabu, makundi yote mawili yalitakiwa kuosha mara 8 zilezile. Katika kundi la kwanza waliomaliza walikuwa asilimia 19, katika la pili asilimia 34. Mihuri miwili ya bure, ambayo haikumpunguzia mtu safari hata moja, iliwavuta karibu mara mbili.

Basi nami nikagawa mihuri yangu. Msimamizi wangu hakuona tatizo. Alisema ni sawa na mwenyeji anayetoka kumpokea mgeni na kumwambia "umeshafika" wakati bado kuna mlima. Nilikubali, na nusu yangu bado inakubali. Ila mfano wake unasimama kama mgeni mwenyewe alikuwa anakwenda kule juu.

Likizo iliyopita niliijaribu kwa watu 9 wa Nyakahanga, Kayanga na Omurushaka, watu ninaowafahamu au ninaowafahamu ndugu zao. Niliwaeleza kwamba ni majaribio na kwamba baadaye nitafuta kila kitu, nikakaa pembeni nikitazama vidole vyao. Saba wakamaliza. Jioni ile nilimpigia msimamizi kwa furaha. Usiku nikasoma walichoandika.

Wanne waliandika kwamba wao ni wapole na wacha Mungu. Wawili waliandika "niulize nitakujibu". Mmoja aliandika nukta. Nilikuwa nimeweka sharti kwamba kisanduku kisibaki kitupu, naye akagundua kuwa nukta moja inatosha kufungua kitufe cha "Endelea". Sikumlaumu. Programu ilimwomba ajaze, akajaza.

Mama ana magazeti ya zamani yenye safu ya marafiki wa kalamu. Picha ndogo, jina, umri, sanduku la posta, kisha apendavyo mtu: kusoma, kusikiliza muziki, kubadilishana mawazo. Ukisoma ukurasa mzima unaweza kudhani nchi yote haikuwa na shughuli nyingine ila kubadilishana mawazo. Wale hawakuwa watu wasio na cha kusema. Waliulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa limeshakaa tayari kwenye ukurasa wa jana, wakalinakili. Kisanduku changu cha "Jieleze" kilikuwa safu ileile, safari hii kwenye kioo.

Programu kubwa zililiona hili. Hinge, kwa mfano, iliachana na kisanduku kitupu, ikaweka sentensi zilizoanzwa ambazo mtumiaji anachagua tatu na kuzimalizia, kila jibu lisizidi herufi 150. Nami nikafanya hivyo. Nilianza kwa uvivu, nikazichukua sentensi za aina yao na kuzigeuza Kiswahili. Iliyohusu safari ya mapumziko ilimfanya kijana mmoja wa bodaboda wa Omurushaka anitazame kama mtu aliyemuuliza habari za mwezini. Akaandika "Dubai". Hana hamu na Dubai. Aliniambia mwenyewe baadaye, huku akifuta kioo cha pikipiki, kwamba alidhani ndilo jibu linalotakiwa.

Nilimsimulia shangazi. Kwenye ukoo wetu yeye ndiye anayetumwa posa ikija, kwenda kuulizia kimyakimya kuhusu kijana au binti wa watu. Nikamwuliza, huwa unauliza nini?

"Siulizi kama ni mpole," akasema. "Nani atakwambia mwanawe si mpole? Nauliza, mara ya mwisho alipokosana na mama yake, nani alianza kusalimia. Nauliza kahawa ikishauzwa, hela ya kwanza inakwenda wapi. Nauliza mgeni akiingia jioni na mboga hakuna, anafanyaje."

Nililala na daftari. Tofauti ya maswali yake na yangu ni kwamba lake linakupeleka mahali na saa fulani, jikoni, jioni, mgeni kaja, na ukishafika pale huwezi kujibu kwa sifa. Lazima utaje kitu. Na mtu mwingine akikisoma kile kitu ana pa kushikia anapotaka kuanza mazungumzo, maana kwa "mcha Mungu" utajibu nini zaidi ya amina? Nikaandika upya sentensi sita, na mtu anachagua mbili. Mgeni akinifikia jioni bila taarifa, atanikuta… Hela ya kwanza ya mavuno au ya mshahara huwa… Kitu ninachokifanya vizuri kuliko ndugu zangu wote ni… Na nyingine tatu za jamii hiyohiyo.

Hapo nikafanya kosa lingine ambalo nalitaja kwa sababu ni rahisi sana kulifanya. Chini ya kila sentensi niliweka mfano kwa maandishi hafifu ili kumsaidia anayekwama. Kwenye ile ya mgeni niliandika "ndizi na maharage". Watu watatu wa kwanza walioichagua, wote wageni wao walikuta ndizi na maharage. Mfano mmoja si msaada, ni jibu. Nikauondoa. Badala yake, mtu akiandika chini ya maneno matatu, programu humuuliza mara moja tu, "Ilikuwaje mara ya mwisho?", na akitaka kupita anapita. Yule wa Dubai aliporudia aliandika kwamba mgeni wake hatamkuta, kwa kuwa saa hizo yuko kijiweni, ila mdogo wake atampa chai na kumpigia simu. Ukisoma hivyo umeshajua anaishi na nani, anafanya kazi mpaka saa ngapi, na kwamba nyumbani kwake kuna mtu anayejua kupokea.

Picha zilinisumbua zaidi ya maneno. Nilitaka kila mtu awe na angalau moja inayoonyesha uso vizuri, nikaweka ukaguzi wa namna mbili: programu itafute uso, kisha ipime kama picha ina ukungu. Kijana huyohuyo wa bodaboda ilimkatalia mara tatu. Alikuwa amepigwa saa sita mchana barabarani, mgongo kwa anga. Kamera ikaona weupe mwingi nyuma yake, ikapunguza mwanga wa picha nzima, na uso wake ukawa kivuli. Kwa macho yangu alikuwa yeye kabisa. Kwa programu hakukuwa na mtu. Kuna utafiti wa mwaka 2018 wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru uliopima mifumo ya kompyuta inayotambua jinsia kwa kuangalia uso. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi mfumo mmoja ulikosea mpaka asilimia 34.7, na kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia moja. Nilikuwa nimeusoma na kuutetea kwenye semina. Kisha nikaja Karagwe na kumwambia mtu mweusi mara tatu, kwa maandishi mekundu, kwamba uso wake hauonekani.

Kipimo cha ukungu nacho kina ujinga wake. Kinatazama jinsi mwanga unavyobadilika ghafla kutoka pikseli moja hadi ya jirani: mabadiliko yakiwa makali, picha inahesabiwa kuwa kali. Sasa mtu akisimama mbele ya ukuta wa tofali za kuchoma, zile tofali peke yake zinampitisha hata kama uso wake umetikisika. Akisimama mbele ya ukuta uliopakwa rangi moja, picha safi kabisa inaweza kukataliwa. Niliporekebisha kipimo kiangalie eneo la uso tu, makosa mengi yalikwisha. Lakini kilichosaidia kweli kilikuwa kuhama kutoka kukataa baada ya picha kwenda kusema kabla ya picha. Skrini sasa inaeleza kwa sentensi moja: simama mlangoni, ndani kidogo ya kivuli, utazame nje. Mwanga wa nje unakuja usoni bila jua kukupiga, na giza la chumba linabaki nyuma. Wapiga picha wa kienyeji wanalijua hili bila kusoma popote. Na kama ukaguzi bado una shaka, unauliza: "Je, mtu anayekufahamu atakutambua hapa?" Jibu la mwenye picha ndilo la mwisho.

Jambo moja la ufundi lilinifundisha adabu. Faili la picha ya simu hubeba maelezo yasiyoonekana yanayoitwa EXIF, na kama simu imeruhusiwa, humo hukaa hadi mahali picha ilipopigwa. Picha ya mtu aliyekaa barazani kwake inaweza kumpeleka mgeni mpaka barazani. Nikaamua programu iyafute maelezo hayo ndani ya simu, kabla picha haijatumwa, wakati inaipunguza kutoka megabaiti 3 au 4 hadi kilobaiti kama 200 ili bando la mtu lisiliwe. Kesho yake nusu ya watu walikuwa wamelala ubavu. Kumbe mwelekeo wa picha nao umeandikwa humohumo. Inabidi uusome kwanza, uigeuze picha, ndipo ufute.

Sasa nirudi kwenye wale wawili ambao hawakumaliza. Mmoja simu ilizima, na alipowasha alikuta kila alichoandika kimepotea. Hilo kosa ni langu, na sasa kila hatua inahifadhiwa simuni papo hapo. Wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 29, tumejuana tangu utotoni. Alijibu yote vizuri kuliko wengine. Alipofika kwenye picha, mstari ukiwa asilimia 80, akaishika simu kwa muda mrefu, kisha akanirudishia. Kwenye jedwali langu niliandika "aliishia njiani".

Siku mbili baadaye nilimkuta dukani Kayanga, nikamwuliza.

"Picha yangu ikiwa humo, Jumatatu baba wa mwanafunzi anakuja shuleni anacheka," akasema. "Wewe utakuwa umesharudi chuoni." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitegemea. "Na ule mstari wako haukunifurahisha. Ulinipa asilimia ishirini sikukuomba, halafu ukanidai themanini. Nilivyoacha nilijisikia kama nimekimbia deni."

Nimeyafikiria maneno yake kuliko sura yoyote ya tasnifu yangu. Kwenye sehemu ya kuoshea magari, mihuri miwili inamvuta mteja kuelekea kitu ambacho tayari anakitaka, na akimaliza hana alichopoteza ila hela ya sabuni. Kwangu mimi, mwisho wa mstari ulikuwa uso wa mtu mbele ya watu asiowajua, na wengine anaowajua kupita kiasi. Nguvu ileile ya kumvuta, ikiwekwa mbele ya kitu kizito namna hiyo, inageuka. Yeye alikuwa ana sababu ya kusimama, sababu nzuri, na mimi nilikuwa nimejenga kifaa cha kumfanya sababu hiyo imwonee aibu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inadai ridhaa, na kisheria ningeipata: angebonyeza "Nakubali". Lakini ridhaa niliyoikamua kwa hisia ya deni nisingependa kuitetea mbele ya shangazi.

Hata hivyo sikumwacha bila kumwuliza upande wa pili. Je, wewe ungeongea na mwanaume asiye na picha? Akacheka mpaka mwenye duka akageuka. "Siwezi! Nitajuaje si mume wa mtu?"

Hapo ndipo ugumu ulipo, na sidhani kama unaondoka kwa kusema tu kila mtu ana haki ya kujificha. Anayejificha anawatazama waliojitokeza. Wao wamelipa kwa nyuso zao, yeye amekaa gizani bure. Duara la kijivu linaweza kuwa woga wenye sababu, linaweza pia kuwa mtu anayewinda, na kwenye skrini yanafanana. Kwa hiyo kumtaka mtu akamilishe wasifu si ubabe mtupu. Ni kumkumbusha kwamba upande wa pili yuko mtu naye anahitaji kujua anaongea na nani.

Njia niliyoifuata ni hii. Picha unaweka, lakini inakaa imefungwa. Wengine wanaona kwanza majibu yako ya sentensi, umri, na wilaya. Wawili wakishaongea na wote wakikubali, picha zinafunguka kwa pamoja, dakika ileile. Hakuna anayemwona mwenzake kabla yeye hajaonekana. Kijiji nilikiondoa, kwa sababu "mwalimu wa kike, 29, Nyakahanga" hilo ni jina kamili. Nilifikiria pia kumficha mtu kwa wote walio kwenye orodha ya simu yake, nikaacha: ili nifanye hivyo ningechukua namba za mamia ya watu ambao hawajaniomba kitu, na kuzificha kwa hesabu za kompyuta hakufai sana, maana namba za simu ni chache mno kiasi kwamba mashine inaweza kuzijaribu zote. Badala yake mtu anaweza kuchagua asionekane ndani ya wilaya yake. Na mstari wa kijani nimeuondoa. Sasa juu panasomeka "Hatua ya 1 kati ya 5", na kweli ni ya 1.

Nilijaribu tena, watu 8. Waliomaliza siku ileile ni watano. Msimamizi aliniuliza kwa upole kama nina hakika nataka kupeleka kwenye utetezi muundo wenye matokeo yaliyoshuka. Nilimwambia idadi ni ndogo mno kusema chochote, jambo ambalo ni kweli, na ambalo sikulisema nilipompigia kwa furaha mara ya kwanza.

Mwalimu alikuwa mmoja wa wale watano. Siku ya mwisho kabla sijaondoka, kwa ruhusa yake, nilimwonyesha shangazi wasifu mmoja ili anipe maoni kuhusu maswali yaliyotokana na yeye. Hakukuwa na jina, hakukuwa na picha, hakukuwa na kijiji. Sentensi ya mgeni ilikuwa imemaliziwa hivi: atanikuta nasahihisha madaftari, na sufuria ya ndizi imeungua kidogo upande mmoja.

Shangazi alisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akasoma tena. "Huyu namjua," akasema. "Mwalimu anayeunguza ndizi hapa ni mmoja." Akamtaja.

Nilipanda kwa mwalimu jioni hiyo nikamwambia. Nilitegemea akasirike. Akaiomba simu, akakaa nayo kizingitini akiiangalia ile sentensi yake, midomo ikisoma kimya. Kisha akafuta madaftari. Sufuria akaiacha iungue.